Neno Gani Nimwandikie Katibu?

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka wa umoja wetu, Ikolo, Kyela.)



Katibu wa umoja wetu aliponiandikia, aliniomba nizungumzie kazi yangu. Kazi yangu haina makuu. Napima kakao. Vyama vya msingi na wanunuzi huleta sampuli ofisini kwetu. Tunapima unyevu wake, tunakata punje na kuzihesabu, kisha tunawaandikia wenyewe matokeo kwa barua pepe. Kupima nilifundishwa na wakubwa zangu hatua kwa hatua. Kuandika matokeo sikufundishwa na mtu, na huko ndiko nilikokosea. Kwa ruhusa yenu, leo nitawasimulia kosa hilo, maana lilitokana na neno moja tu, na neno hilo lilikuwa la Kiswahili sanifu kabisa.

Kwanza niwakumbushe jambo ambalo wengi wenu mmelikuta nyumbani. Kakao ikishavunwa, maganda hupasuliwa, na punje pamoja na utelezi wake mweupe huwekwa katika sanduku la mbao au kapu, zikafunikwa kwa majani ya migomba. Humo hukaa siku tano mpaka saba, nazo hugeuzwa kila baada ya siku mbili ili hewa ipite. Sukari iliyo katika utelezi hugeuka kileo, kisha kileo hugeuka siki. Joto hupanda hadi kukaribia nyuzi 50 za sentigredi. Joto na siki hiyo huiua mbegu, na ndani ya punje rangi hubadilika kutoka zambarau kwenda kahawia. Hapo ndipo ladha ya chokoleti inapoanza kujengeka. Baada ya hapo punje huanikwa juani mpaka maji yaliyomo yapungue hadi asilimia saba au nane.

Mkulima akiharakisha, akaitoa kakao siku ya pili au ya tatu, punje ikikatwa ndani huonekana ya kijivu na imeshikana kama jiwe. Ladha yake ni chungu, tena hukaza ulimi. Sisi wapimaji hukata punje 300 kwa urefu, tukahesabu ngapi ni za kijivu, ngapi zina kuvu na ngapi zimeliwa na wadudu. Katika kipimo cha kimataifa kilichozoeleka kwa miaka mingi, punje za kijivu zikizidi asilimia tatu, kakao hiyo si ya daraja la kwanza. Zikizidi asilimia nane, hata daraja la pili imelikosa.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Chama kimoja cha msingi kilituletea sampuli ya loti namba saba. Nilipima, nikaandika hivi:

"Ndugu Katibu, matokeo ya loti namba 7 ni haya: unyevu asilimia 9.5, kuvu asilimia 2, punje za sileti asilimia 14. Uchachushaji haukukamilika. Tafadhali rekebisheni."

Nilijisifu moyoni kwa barua ile. Ilikuwa fupi, na neno uchachushaji nilikuwa nimelichagua kwa makusudi. Ndilo neno linalotumika katika maandishi ya sayansi kwa Kiswahili, nami sikutaka kuonekana mtu wa kuchanganya lugha.

Baada ya majuma matatu ikaja loti namba nane. Unyevu ulikuwa asilimia 7.5, safi kabisa. Lakini katika punje 300, punje 51 zilikuwa za kijivu. Hiyo ni asilimia 17, mbaya kuliko ile ya kwanza! Kakao ile iliuzwa kwa bei ya chini, na waliopata hasara ni wakulima waliokuwa wameanika kwa bidii kama walivyoambiwa.

Nilimpigia simu Mwenyekiti wa chama, mzee wa makamo ya baba yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mnatuangusha? Tulifanya mliyosema."

"Mlifanya nini, mzee?"

"Mlisema ina maji, tukaianika. Na mkasema haijachacha. Tukashukuru Mungu."

Ndugu zangu, nilikaa kimya. Mzee alikuwa na haki. Katika kila nyumba ya nchi hii, kitu kilichochacha ni kitu kilichoharibika. Uji wa jana umechacha, mwage. Maharage yamechacha, usiwape watoto. Mtu akikuandikia kwamba mali yako haikuchacha, amekupa habari njema. Na lile neno jingine, punje za sileti, Katibu alidhani ni jina la mbegu. Asili yake ni sileti, lile bamba la jiwe la kijivu ambalo watoto wa zamani waliandikia shuleni. Lakini Katibu yule hajapata kuliona bamba hilo maishani mwake.

Angalieni jinsi kosa lilivyojionyesha lenyewe. Neno unyevu lilieleweka, na unyevu ukarekebishwa. Neno uchachushaji halikueleweka, na uchachushaji ukabaki vilevile, hata ukazidi kuwa mbaya. Tangu siku ile nimekuwa nikiyasoma majibu ya barua zangu kwa namna hiyo. Mteja akirekebisha jambo moja na kuacha la pili, sisemi tena kwamba ni mvivu. Naitazama barua yangu, nilitafute neno lililokuwa limebeba lile jambo la pili.

Nikafanya kosa la pili, nalo lilikuwa kinyume cha la kwanza. Nilijiambia kwamba Kiswahili ndicho kilichonipotosha, basi nitumie neno la Kiingereza kama watumiavyo wanunuzi. Barua iliyofuata nikaandika, "fementesheni pungufu." Mnunuzi, ambaye amesoma chuo kikuu, alielewa mara moja. Katibu naye hakuelewa, lakini alikwenda kumwuliza bwana shamba, akaelezwa. Mwenyekiti alisikia barua ikisomwa mkutanoni, akauliza hiyo fementesheni inauzwa duka gani, ili chama kinunue.

Msimcheke. Tuangalie tulivyosoma sisi na walivyosoma wao. Tangu 1967 Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia katika shule zetu za msingi, na mwaka huohuo Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria. Kwa hiyo mtu aliyeishia darasa la saba amejifunza sayansi kidogo, lakini amejifunza kwa Kiswahili: anajua unyevu, anajua mvuke, anajua asilimia. Sisi tuliopita hapa sekondari tulifundishwa mambo hayohayo kwa Kiingereza, na wengi wetu tukayasahau majina yake ya Kiswahili. Hivyo si kweli kwamba neno la Kiingereza ni gumu kwa wote, wala si kweli kwamba neno la Kiswahili ni jepesi kwa wote. Unyevu ni jepesi kwa mzee wa darasa la saba, na pengine kijana wa kidato cha nne huwaza kwanza lile la Kiingereza. Uchachushaji ni la Kiswahili, lakini linakaa vitabuni; mzee hajapata kukutana nalo ila kupitia kwa ndugu yake wa jikoni, kuchacha.

Ndipo nikaacha kuuliza neno hili ni la lugha gani, nikaanza kuuliza mwenye kakao mwenyewe analiitaje. Nilikwenda vijijini, nikakaa kando ya masanduku, nikasikiliza. Wakulima walisema kuvundika. Ni neno tulilo nalo tangu zamani: ndizi mbichi huvundikwa ili ziive, huwekwa mahali pa joto na kufunikwa. Mtu aliyewahi kuvundika ndizi anayo tayari picha nzima kichwani: majani, joto, siku za kungoja, na kitu kinachobadilika ndani. Neno hilo lilinipa nusu ya maelezo bila malipo.

Lakini hata hapo kuna shimo, na vijana wanaopenda sarufi wanisikilize. Kuvundika si kuvunda. Kitu kilichovunda kimeoza na kinanuka. Tofauti ya sauti ni ndogo sana, nayo katika simu au katika barua inayosomwa kwa haraka hupotea. Nikiandika "kakao haikuvunda vizuri," nimerudi palepale pa kuchacha. Dawa niliyoipata ni kuandika kitendo chenye mtendaji na siku zake: "ivundikeni siku sita." Mtu hawezi kuamriwa aozeshe mali yake kwa siku sita, msomaji hana njia ya kulielewa vibaya. Na nalitumia neno hilohilo barua nzima. Zamani nilifundishwa katika insha nisirudierudie neno, nitafute lenye maana sawa. Katika barua ya matokeo hiyo ni hatari: nikiandika kuvundika juu na kuchachusha chini, msomaji atatafuta kazi mbili za kufanya.

Barua ya loti namba saba, kama ningeiandika leo, ingekuwa hivi:

"Ndugu Katibu,

Loti namba 7 haikufika daraja la kwanza wala la pili. Sababu ni hizi.

1. Kakao haikuvundikwa siku za kutosha. Tulikata punje 300. Punje 42 ni za kijivu na ngumu ndani, badala ya kahawia. Kwa loti hii kosa hilo haliondoki tena. Kwa loti ijayo, ivundikeni siku 6, mkiigeuza siku ya 2 na siku ya 4, ndipo muianike.

2. Kakao ina maji mengi. Katika kila kilo 100 kuna kilo 9 na nusu za maji. Yasizidi kilo 8. Ianikeni loti hii tena mpaka kipimo chenu kionyeshe 7.5 kwenye neno MOISTURE.

Punje zenye kuvu ni 6 kati ya 300. Hapo hakuna kosa.

Kwa mpimaji wa mnunuzi: unyevu asilimia 9.5, sileti asilimia 14, kuvu asilimia 2, fementesheni pungufu."

Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, lakini hakuna aliyelalamika. Nawaombeni mtazame mambo matatu ndani yake.

La kwanza ni zile punje za kijivu. Hapo sikutumia neno sanifu wala neno la kukopa. Nilieleza kinachoonekana: kijivu, ngumu, badala ya kahawia. Mkulima anaweza kuchukua kisu, akakata punje zake mwenyewe, akaona. Mara nyingi tunashindania neno la Kiswahili na la Kiingereza, kumbe msomaji hahitaji jina lolote. Anahitaji kukitambua kitu. Asilimia 14 nayo nimeigeuza kuwa punje 42 kati ya 300, kwa sababu punje huhesabika mkononi.

La pili ni neno MOISTURE. Nimeliacha katika Kiingereza, kwa herufi kubwa, kwa sababu hivyo ndivyo lilivyoandikwa kwenye kioo cha kipimo walicho nacho. Ningeandika "mpaka unyevu uwe 7.5" peke yake, Katibu angetazama kioo, asione unyevu popote. Neno ambalo msomaji atalitafuta kwa macho lazima liandikwe kama lilivyo mbele ya macho yake, herufi kwa herufi. Ndiyo sababu pia nimeacha loti, wala sikuandika fungu. Fungu ni Kiswahili kizuri, lakini kwenye kile kibandiko cha gunia imeandikwa loti.

Jambo hili huenda pande zote mbili. Yako maneno ya Kiswahili ambayo hayaguswi kwa sababu ndiyo yaliyo kwenye karatasi na katika sheria. Kakao yetu ya Kyela huuzwa mnadani kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani, na sheria ya stakabadhi za ghala ilitungwa 2005. Kijana mmoja wa ofisini kwetu, kwa kutaka kurahisisha, aliandika risiti mahali pa stakabadhi. Kwa Kiswahili cha dukani maneno hayo mawili ni sawa. Lakini risiti, kwa mkulima, ni karatasi ya kuonyesha kwamba fedha imekwisha lipwa. Stakabadhi ya ghala inaonyesha kwamba mali ipo ghalani na ni ya nani, fedha bado. Mtu mmoja alikuja kudai fedha ambazo hazijafika, na mwingine aliitupa karatasi yake akidhani biashara imekwisha. Hapo neno refu lililozoeleka ndilo salama, na neno jepesi la kukopa ndilo lililoleta fujo.

La tatu ni ule mstari wa mwisho. Barua yangu haisomwi na mtu mmoja. Katibu huisoma katika simu, huichapa na kuibandika ukutani, kisha humpelekea mnunuzi. Zamani nilijaribu kuandika barua mbili, moja ya Katibu na moja ya mnunuzi. Zilipokutana, watu wakashuku kwamba kila mmoja ameambiwa lake. Sasa naandika moja. Kazi ya kufanya iko juu, kwa lugha ya sandukuni na uanikoni. Majina ya kitaalamu yako chini, mahali pamoja, yenye hesabu zilezile. Mwenye kuyahitaji atayafikia, na asiyeyahitaji amekwisha pata lake kabla ya kuyafikia.

Mtaniuliza, mtu atajuaje kwamba neno alilochagua limefika? Njia yangu ni ya simu, nayo huchukua dakika tatu. Baada ya kutuma barua kwa mteja mpya, nampigia. Simwulizi, "Umeelewa?" Kila mtu mwenye adabu atajibu ndiyo, hasa mzee akiulizwa na mtu mdogo. Namwuliza, "Kesho mtaanza na nini?" Akijibu, "Tutaianika tena, halafu ile mpya tutaifunika siku sita," nimefaulu. Akijibu, "Tutafanya kama mlivyosema," najua barua yangu haikufika, hata kama anayo mkononi.

Baada ya simu ile ya Mwenyekiti na barua nyingine zilizofuata, chama kile kilileta loti namba kumi. Nilikata punje 300. Za kijivu zilikuwa saba. Nilimwandikia Katibu, na Mwenyekiti akanipigia mwenyewe. Alisema, "Mwanangu, safari hii tuliivundika kama ndizi."

Lakini nisiwadanganye kwamba neno linaweza kila kitu. Wapo waliolielewa neno kuvundika barabara, wakaitoa kakao siku ya tatu kwa sababu ada ya shule ilikuwa inangoja. Barua haiponyi hilo. Lakini angalau sasa najua nani hakuelewa na nani hakuweza, na hao wawili hawastahili barua moja. Wa kwanza namtafutia neno jingine. Wa pili namwambia Katibu wake, ili chama kijadili namna ya kumkopesha mpaka mnada upite.

Na kwenu ninyi vijana, kwa kuwa mwalimu wenu wa Kiswahili yupo hapa, nitaacha zoezi moja badala ya nasaha. Jioni ya leo mchukue neno moja mlilofundishwa darasani kwa Kiingereza, neno la kazi inayofanywa hapa Ikolo, ya mpunga, ya samaki au ya kakao. Mwendeeni anayeifanya kazi hiyo. Msimwambie neno lenu. Mwulizeni anafanya nini sasa hivi, na kwa nini, kisha mwandike neno atakalolitamka. Siku mtakapomwandikia barua ya kazi, mtakuwa nalo.